Mwanangu anatoa sauti darasani na mwalimu anasema ni ukaidi

Shikamoo Dokta. Mwanangu Idi ana miaka kumi, yuko darasa la tano. Alipokuwa na miaka sita alianza kupepesa macho sana, tukampeleka kupima macho akaonekana mzima. Baadaye akaanza kurusha shingo upande wa kulia, na tangu mwaka jana anatoa sauti kooni, "ahk! ahk!", hasa akiwa darasani. Mwalimu anasema ni ukaidi. Amemchapa, na siku hizi anamtoa nje. Bibi yake anasema amechezewa. Baba yake anasema anajifanya, kwa sababu akiangalia mpira anatulia kabisa. Hospitali walituambia ni ugonjwa wa Tourette wakampa haloperidol, lakini sasa anasinzia mchana kutwa. Daktari mmoja alitaja mazoezi ya kugeuza mazoea, hakutueleza zaidi. Mazoezi hayo ni yapi? Na mwalimu nimwambie nini?

Mama Idi, Tanga

Marahaba Mama Idi.

Nianze na hoja ya Baba Idi, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wazazi na walimu wengi. Kutulia wakati wa mpira si dalili ya kujifanya. Tiki, yaani mijongeo na sauti hizo za ghafla zinazojirudia, hupungua mtoto anapozama kwenye jambo linalomshika akili yote. Huongezeka akichoka, akiwa na wasiwasi, akisisimka kupita kiasi, na zaidi ya yote mtu akizitaja. Mwambie Idi, "Leo mbona hujakohoakohoa?" na ndani ya dakika moja utaisikia sauti. Kwa hiyo darasa lenye ukimya, mwalimu aliyekasirika na wenzake arobaini wanaogeuka kumtazama ndiyo mazingira hasa yanayozichochea. Anachokiona mwalimu kuwa ni dharau kwake ni matokeo ya hali aliyomo mtoto dakika ile.

Ni kweli pia kwamba Idi anaweza kuzizuia kwa muda. Hilo nalo si ushahidi dhidi yake. Watoto wa umri wake, wengi wao, huhisi kitu kabla tiki haijatoka: mkwaruzo kooni, mkazo shingoni, au kutotulia fulani wasikojua kukueleza. Hisia hiyo inapanda, tiki inatoka, inashuka kidogo, halafu inaanza tena. Fikiria umeumwa na mbu mahali usipopafikia na umeambiwa usijikune mpaka kipindi kiishe. Utaweza, lakini hutasikia hata neno moja la somo. Ndiyo maana "Acha!" haifai kitu. Inamwambia mtoto jambo analolitaka yeye kuliko mtu yeyote, bila kumpa njia ya kulifanya.

Kuhusu ugonjwa wenyewe nitasema machache. Daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliueleza mwaka 1885, na ndiye aliyeachiwa jina. Ili uitwe Tourette, mtoto awe amepata tiki za mwili angalau mbili na ya sauti angalau moja, zimedumu zaidi ya mwaka, na zilianza kabla hajafika miaka 18. Idi ana macho, shingo na koo. Chanzo chake kiko kwenye njia za ubongo zinazochagua mjongeo upi upite na upi uzuiwe, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa kwenye ukoo. Hauletwi na malezi, runinga wala mtu mwenye husuda. Bibi akimsomea dua na mtoto akapata utulivu, sioni ubaya. Ninachokataa ni kuchapwa, kufukizwa na kuachishwa dawa. Yale matusi ambayo watu huyahusisha na Tourette huwapata wachache tu, na kama Idi hayatoi hakuna haja ya kuyasubiri.

Jambo moja likae kichwani: tiki huanza mara nyingi kati ya miaka mitano na saba, hufika kileleni kama miaka kumi hadi kumi na miwili, kisha kwa wengi hupungua katika ujana. Idi yuko kwenye mlima wenyewe. Na ziko na misimu yake, wiki mbaya na wiki nzuri, hata bila kufanya chochote. Kwa hiyo usiipe sifa wala lawama dawa au zoezi lolote kwa sababu ya wiki moja.

Sasa mazoezi. Yaliandikwa kwa mara ya kwanza na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, mwaka 1973. Wazo lake ni jepesi kulisema: mtoto ajifunze kuitambua tiki kabla haijatoka, na mara tu anapoihisi afanye kitendo kingine ambacho hakiwezi kufanyika sambamba nayo, mpaka ule msukumo ushuke. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na hapo ndipo nitakaa.

Mnaanza kwa kuchagua tiki moja. Kaeni na Idi, aorodheshe zote, kisha kila moja aipe alama kutoka sifuri hadi kumi kwa jinsi inavyomsumbua yeye. Usimjazie. Wazazi huwa wanataka sauti iondoke kwanza kwa sababu inawaaibisha, kumbe mtoto anateswa zaidi na shingo inayomuuma usiku. Tuseme Idi anaipa sauti ya koo nane, shingo sita, macho mawili. Tunaanza na koo. Macho tunayaacha kabisa, kwa sababu tiki isiyomsumbua mtoto haihitaji tiba.

Hatua inayofuata ni kuifahamu tiki hiyo hadi ndani. Idi aieleze polepole, kama anayesimulia goli: kwanza nini kinatokea, kisha nini. Mara ya kwanza atasema tu, "Sauti inatoka." Muulize ulimi uko wapi, mdomo uko wazi au umefungwa, pumzi inaingia au inatoka, kifua kinafanya nini. Taratibu mtafika mahali kama hapa: kuna mkwaruzo chini ya koromeo, ulimi unarudi nyuma, pumzi inashikwa kidogo, mdomo unafunguka, hewa inasukumwa nje kwa nguvu. Ule mkwaruzo na ulimi kurudi nyuma ndiyo kengele yetu.

Halafu piga naye soga kwa dakika kumi au kumi na tano juu ya jambo analolipenda. Kazi yake ni kuinua kidole kila sauti inapotoka. Akiikamata, mwambie, "Vizuri, umeipata." Ikimpita, sema kwa upole, "Hiyo hapo." Msihesabu zaidi ya hilo. Akifika mahali anakamata kama nane kati ya kumi, badilisheni: sasa ainue kidole anaposikia kengele, kabla ya sauti. Watoto wengine huweza siku ile ile, wengine huchukua wiki nzima, na mtoto wa chini ya miaka tisa mara nyingi hushindwa kwa sababu bado hajaanza kuihisi kengele yenyewe. Ukiiruka hatua hii kwa haraka, zoezi lote linakwama, na hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwa familia zilizojaribu zenyewe.

Kisha kitendo pinzani. Lazima kiifanye tiki isiwezekane, kiweze kuendelea kwa dakika nzima, kisionekane na mtu wa dawati la pembeni, na kisihitaji kifaa chochote. Kwa sauti inayotokea mdomoni kama ya Idi, kitendo ni kupumua: afunge mdomo bila kukaza meno, avute hewa polepole kwa pua hadi tumbo lijae, aitoe polepole kwa pua, mabega yakiwa yametulia. Aendelee kwa dakika moja, na kama msukumo bado upo aendelee mpaka ushuke. Kengele ikilia, anaanza. Sauti ikimponyoka, anaanza hapo hapo bila kujilaumu. Anaweza kufanya hivyo huku anaandika au anamsikiliza mwalimu.

Angalia mambo mawili hapa. La kwanza, watoto wengi hubana pumzi badala ya kupumua. Utawajua kwa mabega yaliyopanda na uso uliokakamaa, na baada ya nusu dakika sauti hulipuka kubwa kuliko kawaida. Mrudishe kwenye tumbo, aweke kiganja juu ya kitovu auone mkono ukipanda na kushuka. La pili, kusoma kwa sauti ni kugumu, kwa sababu koo lile lile linahitajika. Hilo liachwe hadi mwisho, na hata likifika, apumue hivyo kwenye vituo na mwisho wa sentensi.

Shingo ikifika zamu yake, kitendo ni kuangalia mbele, kuteremsha kidevu kidogo kuelekea kooni, na kukaza misuli ya shingo taratibu, kiasi cha kichwa kutulia lakini bila maumivu. Akisema inauma, amekaza mno.

Kwa nini inasaidia? Maelezo yanayotumika zaidi ni kwamba ubongo umezoea kuwa nafuu huja kwa tiki. Msukumo unapoachwa upande na ushuke wenyewe bila tiki, mara nyingi, mazoea hayo hulegea na msukumo wenyewe hupoa. Siku za mwanzo atakwambia kuwa hisia imekuwa kali zaidi. Ni kawaida, na ni afadhali umwambie mapema asije akadhani ameharibu.

Pangeni nusu saa ya mazoezi nyumbani, siku tatu au nne kwa wiki, pamoja na kukitumia kitendo popote anapokumbuka. Mkitaka kujua kama mnasonga, chagueni robo saa moja, mathalani baada ya chakula cha jioni, uhesabu sauti zilizotoka bila yeye kuona kalamu yako. Linganisha wiki kwa wiki. Siku moja moja zitakudanganya.

Katika kazi hii kila mtu nyumbani ana sehemu yake, na kwa kawaida hapa ndipo familia hukosea kwa nia njema. Mtu mmoja tu ndiye awe msaidizi wa mazoezi, na huyo akiona Idi ameanza kupumua vizuri, amsifu. Akiona amesahau, amkumbushe mara moja, kwa sauti ya chini, si mbele za watu. Wengine wote wanyamaze. Mzazi anayesema "pumua, pumua" kutwa nzima amekuwa askari, na mtoto atalichukia zoezi ndani ya wiki. Zawadi, kama mnatoa, itolewe kwa kufanya mazoezi. Ukimwahidi soda kwa siku isiyo na sauti, umemlipa kwa jambo ambalo hana mamlaka nalo kamili, na siku ya kwanza mbaya ataona ameshindwa.

Angalieni pia kinachofuata baada ya tiki. Ikiwa bibi anakimbilia maji na kumkanda shingo kila sauti ikitoka, baba anafoka, na dada anacheka, basi tiki imekuwa mlango wa kuvuta watu wote chumbani. Mtoto hapangi hivyo, lakini ubongo hujifunza. Maji ayapate wakati wa kawaida, kukandwa akandwe jioni kabla ya kulala, na tiki ipite kama haikusikika. Baba Idi naye nampendekezea kazi: yeye ndiye awe msaidizi. Wakati wa mpira wenyewe hautafaa, kwa kuwa tiki zimelala, ila dakika za baada ya mchezo, wanapobishana goli lilikuwaje, zinafaa sana.

Unaweza kuniuliza, je, akijizuia hazitarudi kwa kishindo baadaye? Walimu huniuliza hilo pia. Watafiti waliowapa watoto muda wa kuzuia tiki kisha wakahesabu zilizofuata hawakuona mlipuko wa kuzidi kiwango cha awali. Wala kutibu tiki moja hakuonekani kuzaa nyingine mpya. Wingi wa tiki unaouona Idi akirudi kutoka shuleni ni uchovu wa kukaa amejibana saa sita pamoja na uhuru wa kuwa kwao. Mpe nusu saa ya kucheza kabla ya chochote.

Aya hizi mbili zinazofuata ni za mwalimu. Mwonyeshe, ukipenda mbele ya mwalimu mkuu.

Mwalimu, huyu mtoto hakukujibu wewe kwa sauti ile, na kiboko kinaongeza wasiwasi ambao unaongeza sauti. Njia inayofanya kazi ni kuendelea kufundisha kana kwamba hakuna kilichotokea, hata ikitoka mara ishirini. Darasa humfuata mwalimu: usipogeuka, baada ya siku chache nao hawageuki. Msimweke dawati la mbele ambako wote wanamwona mgongo. Pembeni, karibu na ukuta, panamfaa. Kumtoa nje kama adhabu kuna tatizo la pili, kwamba ikiwa kipindi ni cha hesabu na hesabu haipendi, sauti imemletea likizo. Badala yake kubalianeni ishara, kwa mfano kadi ndogo anayoweka juu ya dawati, akiomba kutoka dakika tatu au nne na kurudi kuendelea na kazi ile ile aliyoiacha. Anayeamua ni yeye, kabla hajazidiwa.

Ukimwona amefunga mdomo na anapumua polepole kwa pua, yuko kazini, usimuulize kitu sekunde hizo. Usimkumbushe zoezi mbele ya wenzake. Kama yeye na wazazi wameridhia, waeleze wanafunzi kwa maneno machache: "Mwili wa Idi hutoa sauti bila yeye kutaka, haiambukizi, na kumsaidia ni kutomtazama." Mtihani afanyie chumba kingine ikiwezekana, aongezewe muda, kwa sababu kuzuia tiki na kukokotoa kwa pamoja ni kazi mbili. Na kama kuna mambo mengine, hatulii kitini, anasahau maagizo, au anarudia kufuta na kuandika neno moja mpaka daftari linatoboka, waambie wazazi. Watoto wengi wenye Tourette wana pia shida ya umakini au ya mawazo na vitendo vya kulazimisha, na mara nyingi hizo ndizo zinazowarudisha nyuma masomoni kuliko tiki.

Turudi kwako, Mama Idi. Usitarajie tiki ziishe zote. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watoto 126 wa miaka tisa hadi kumi na saba waligawanywa makundi mawili. Waliofundishwa mazoezi haya, pamoja na kurekebisha yale yanayozichochea, walihudhuria vikao vinane katika wiki kumi. Zaidi kidogo ya nusu yao walipata nafuu kubwa, ilhali kwa waliopewa maelezo na ushauri tu ilikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Kwa hiyo wapo ambao hayawasaidii vya kutosha, na dawa ina nafasi yake. Ila kwa miongozo ya sasa, mtoto ambaye tiki zake hazihatarishi mwili huanza na mazoezi pale anapopatikana mtu wa kuyasimamia.

Mtu huyo mtafute kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, au Muhimbili ukipata rufaa. Muulize mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba kwa kazi, kwa maneno haya haya: "Unaweza kutufundisha mazoezi ya kugeuza mazoea kwa ajili ya tiki?" Safari zikiwa ngumu, omba vikao vya simu ya video, ambavyo vimejaribiwa na kufanya vizuri. Mkiwa mnasubiri, hatua ya kuifahamu tiki mnaweza kuianza nyumbani.

Haloperidol usiiachishe mwenyewe, hata kama usingizi unakukera. Rudi kwa daktari umwambie kuwa mtoto anasinzia darasani. Anaweza kupunguza dozi, kuihamishia usiku, au kubadili dawa. Na uijue hatari moja ambayo kwa Idi ni rahisi kupotea machoni. Tiki ya shingo hurusha na kuachia. Dawa hii inaweza kusababisha shingo ivutwe upande mmoja ikae huko huko, au macho yapande juu yagande, au taya likaze. Hiyo si tiki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na boksi la dawa, maana kuna sindano ya kuituliza. Mrudishe haraka pia akipoteza fahamu au akikodoa macho asikuitikie, kwa kuwa Tourette haifanyi hivyo na kifafa kinafanya. Na kama anarusha shingo kwa nguvu mpaka mikono inakufa ganzi, mwambie daktari siku ileile, msisubiri zamu ya shingo kwenye orodha yenu ya mazoezi.